Ekskaveta: Jinsi Oili Inavyochimba, Kuinua na Kuzungusha

Katika ekskaveta ya tani 20, ile inayoonekana sana kwenye ujenzi wa barabara na uchimbaji wa mitaro, injini ya dizeli haijaunganishwa na ndoo kwa gia, mnyororo wala kamba. Kazi yake kubwa ni kuzungusha pampu za haidroliki. Pampu husukuma oili, na oili hupita kwenye mabomba ya chuma na mipira minene hadi mahali inapohitajika: ndani ya silinda zinazonyanyua bumu, kuvuta mkono na kukunja ndoo, au ndani ya mota inayozungusha mwili wote wa juu wa mashine. Hata cheni za kutembelea huendeshwa na mota za oili.

Ekskaveta za zamani, za mvuke na baadaye za dizeli, ziliendesha ndoo kwa kamba za chuma zilizosokotwa kwenye magurudumu. Kamba huvuta tu, haiwezi kusukuma, kwa hiyo ndoo ilitegemea sana uzito wake kuzama ardhini. Silinda ya oili husukuma na kuvuta, tena kwa nguvu inayopimika. Kwa sababu hiyo mashine za haidroliki, zilizoanza kuenea miaka ya 1950 na 1960, zilichukua nafasi ya zile za kamba katika kazi nyingi.

Mwanzo wa yote ni pampu. Mashine ya tani 20 kwa kawaida huwa na pampu kuu mbili za pistoni, zote zikizungushwa na injini moja. Ndani ya kila pampu kuna pistoni ndogo, mara nyingi 9, zilizopangwa kwa duara ndani ya bloku ya chuma. Bloku inapozunguka, miguu ya pistoni huteleza juu ya sahani iliyoinama. Upande mmoja wa mzunguko pistoni hutoka nje na kufyonza oili kutoka tangini. Upande wa pili hurudishwa ndani na kuisukuma kwenye bomba. Sahani ikiinama zaidi, pistoni husafiri mwendo mrefu na oili nyingi hutoka kila mzunguko. Ikinyooka, oili hupungua, ingawa injini inazunguka kwa kasi ileile.

Pampu hutoa mtiririko. Shinikizo huja baadaye, pale mtiririko unapokutana na kizuizi. Ndoo ikiwa hewani bila mzigo, oili hupita kwa urahisi na shinikizo hubaki dogo. Meno ya ndoo yakikutana na udongo mgumu, oili hukosa pa kwenda, na shinikizo hupanda hadi udongo ukubali kupasuka au hadi vali ya usalama ifunguke na kurudisha oili tangini. Katika mashine ya ukubwa huu, vali hiyo hufunguka karibu na baa 350.

Baa 350 ni sawa na kilo 357 hivi zinazokandamiza kila sentimita ya mraba. Chukua silinda ya bumu yenye kipenyo cha ndani cha milimita 120. Uso wa pistoni yake una sentimita za mraba 113, kwa hiyo silinda hiyo husukuma kwa nguvu ya takribani tani 40. Bumu huwa na silinda mbili kama hizo, na jumla yake ni tani 80, mara nne ya uzito wa mashine yenyewe.

Nguvu hiyo haifiki yote kwenye ndoo. Silinda hushika bumu karibu na pini ambayo bumu huzungukia, wakati ndoo iko mbali mbele. Ikiwa silinda inasukuma kwa umbali wa mita 1 kutoka kwenye pini na ndoo iko mita 9, tani 80 zinakuwa chini ya tani 9, na sehemu kubwa ya hizo huliwa na uzito wa bumu na mkono. Mzigo unaoweza kuinuliwa hupungua kadiri ndoo inavyoenda mbali, na mkono ukiwa umenyooka kabisa mashine inaweza kuanza kuinuka nyuma kabla silinda hazijashindwa. Faida ya mpangilio huu ni mwendo: silinda ikirefuka kidogo zaidi ya mita 1, ndoo hupanda mita kadhaa.

Silinda ina pande mbili, na pande hizo hazilingani. Upande wa chini oili husukuma uso wote wa pistoni. Upande wa juu rodi ya chuma huchukua sehemu ya nafasi. Katika silinda ya mkono yenye kipenyo cha milimita 135 na rodi ya milimita 95, upande wa rodi hubaki na takribani nusu tu ya uso. Silinda ikijifupisha, basi, ina nguvu ya nusu, lakini kwa kiasi kilekile cha oili huenda karibu mara mbili ya kasi. Wabunifu huutumia upungufu huo vizuri. Bumu hupanda, mkono huvuta udongo kuelekea mashine na ndoo hujikunja wakati silinda zao zinarefuka, kwa sababu kazi hizo ndizo zinazohitaji nguvu. Kurudisha mkono mbele ukiwa mtupu kunahitaji haraka tu.

Kati ya pampu na silinda kuna vali kuu, bloku ya chuma yenye vitobo ambamo vipande vya mviringo vyenye shingo huteleza kushoto na kulia. Kila kipande kinasimamia mwendo mmoja. Kikiwa katikati, njia za silinda zimezibwa na bumu husimama ilipo. Kikisogea upande mmoja, oili ya pampu huingia upande mmoja wa silinda na ile ya upande wa pili hurudi tangini. Opereta hagusi oili hiyo ya shinikizo kubwa. Katika mashine nyingi wenzo anaoushika hutuma oili ya shinikizo dogo, kama baa 40, inayosukuma vipande hivyo. Akiusogeza kidogo njia hufunguka kidogo na ndoo hutembea polepole. Akiusogeza mpaka mwisho hufunguka yote.

Mota ya kuzungusha hufanya kazi kinyume na pampu. Ndani yake kuna pistoni zilezile za duara, lakini hapa oili ndiyo inayozisukuma na kuifanya shafti izunguke. Mzunguko wake ni wa kasi na wenye nguvu ndogo, kwa hiyo hupitishwa kwenye gia zinazopunguza kasi hiyo zaidi ya mara 100. Mwishoni gia ndogo hutambaa ndani ya duara kubwa la meno lililofungwa kwenye sehemu ya chini ya mashine, na mwili wa juu huzunguka kwa kasi isiyozidi mizunguko 12 hivi kwa dakika. Katikati ya duara hilo kuna kiungo kinachozunguka, chenye mifereji ya oili inayoshuka kwenye mota za cheni. Bila kiungo hicho mipira ingejisokota baada ya mzunguko mmoja.

Kusimamisha ni kugumu kuliko kuanzisha. Mwili wa juu, pamoja na bumu na ndoo iliyojaa, una tani nyingi zinazotaka kuendelea kuzunguka. Opereta akirudisha wenzo katikati, vali huziba njia, lakini uzito unaendelea kuizungusha mota, nayo inageuka pampu. Oili inayosukumwa hivyo hulazimika kupita kwenye vali ya usalama ya mota yenyewe, na upinzani huo ndio breki. Nishati ya mzunguko hugeuka joto ndani ya oili. Mwili ukishatulia, breki ya sahani inayobanwa na springi huushika usisogee hata kwenye mteremko.

Jambo linalotawala kazi yote ni kwamba injini ina kikomo. Pampu mbili zikifunguliwa zote zinaweza kutoa karibu lita 440 kwa dakika. Kutoa kiasi hicho kwa baa 350 kungehitaji zaidi ya kilowati 250, wakati injini ya mashine hiyo ina takribani 110. Kwa hiyo shinikizo linapopanda, pampu hunyoosha sahani zake na kupunguza oili ili injini isizimike. Silinda ya mkono huhitaji takribani lita 21 kurefuka yote. Katika udongo laini unaoleta shinikizo dogo, hujaa kwa sekunde 3 hivi. Katika udongo unaodai baa 350, injini humudu lita 170 hivi kwa dakika, na mwendo uleule huchukua zaidi ya sekunde 7. Ekskaveta inayopunguza kasi kwenye kokoto ngumu haijaharibika. Imebadilisha kasi kuwa nguvu.

Mgawanyo huu huonekana mashine inapopakia lori. Opereta huvuta mkono na kukunja ndoo kwa pamoja hadi ndoo ya mita za ujazo 0.8 ijae, kama tani 1.3 za udongo. Kisha huinua bumu na kuzungusha kwa wakati mmoja, na oili hugawanyika kati ya miendo hiyo miwili. Lori likiegeshwa kwa nyuzi 90, bumu inapaswa kufikia urefu wa bodi kabla mzunguko haujaisha. Likiegeshwa karibu zaidi, mzunguko humalizika mapema na opereta hulazimika kusubiri bumu. Ndipo hufungua ndoo, huzunguka kurudi na kushusha bumu, ambayo hushuka zaidi kwa uzito wake kuliko kwa nguvu ya pampu.

Kwa kuwa miendo yote inatoka kwenye oili moja, hitilafu hujulikana kwa kuangalia nini kimedhoofika. Miendo yote ikiwa dhaifu na oili ikichemka, mashaka huanza kwenye pampu, filta au kiwango cha oili. Mwendo mmoja tu ukidhoofika, tatizo liko kwenye silinda, vali au mota ya mwendo huo. Bumu ikiteremka yenyewe injini ikiwa imezimwa, oili inavuja ndani, ama kupita sili za pistoni ama ndani ya vali. Mashine inayojizungusha ikiwa kwenye mteremko baada ya kusimamishwa ina breki ya mzunguko iliyochakaa. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji, na povu huashiria hewa inayofyonzwa upande wa tangi.

Kuvuja kwa nje kunahitaji tahadhari ya peke yake. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa mamia ya baa hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha hilo, hata likionekana dogo, huhitaji upasuaji wa haraka. Fundi hutafuta tundu kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kiganja, na kabla ya kufungua mpira wowote huiweka ndoo chini, huzima injini na kusogeza nyenzo pande zote ili shinikizo lililobaki liishe.