Revit: Jinsi msanifu na mhandisi wanavyochora jengo moja bila kufutiana kazi

Je, umejifunza Revit na sasa unataka kuchora jengo moja pamoja na mwenzako? Wengi huanza kwa kupeana faili kwa flashi: leo unachora wewe, kesho anachora yeye. Hilo huenda vizuri mpaka siku mnayofungua faili lile lile nyote wawili. Jioni mnakuwa na mafaili mawili, moja lina kuta mpya, jingine lina nguzo mpya, na hakuna kitufe cha kuyafanya yawe moja.

Revit ina utaratibu wa kuzuia hali hiyo. Faili moja linawekwa kwenye folda ambayo kompyuta zote zinaifikia kupitia mtandao wa ofisi au wa darasa. Hilo ndilo modeli kuu. Kila mtu anachora kwenye nakala yake, iliyo ndani ya kompyuta yake, na nakala hiyo inapeleka mabadiliko kwenye modeli kuu na kuchukua ya wengine.

Kuianzisha si kazi kubwa. Fungua jengo lako, nenda kwenye `Collaborate`, bonyeza `Collaborate`, chagua `Within your network`, kisha hifadhi faili kwenye folda ya pamoja, kwa mfano `\\SEVA\Miradi\Zahanati.rvt`. Hapo limeshakuwa modeli kuu. Lakini usiinuke bado. Aliyeianzisha ndiye anayeshikilia kila kitu ndani yake, na akiondoka hivyo mwenzake hataweza kugusa hata ukuta mmoja. Bonyeza `Synchronize and Modify Settings`, weka alama kwenye visanduku vyote vya kuachia, thibitisha, kisha funga faili.

Kuanzia hapo, hakuna anayechora ndani ya modeli kuu yenyewe. Ukienda kuifungua, hakikisha kisanduku cha `Create New Local` kina alama. Revit itatengeneza nakala yenye jina lako mwishoni, kama `Zahanati_mhandisi.rvt`.

Sasa tuchukue mfano. Msanifu na mhandisi wanachora zahanati. Asubuhi mhandisi anabadilisha ukubwa wa nguzo nne zilizo kwenye mstari wa gridi B. Alipozigusa tu, Revit iliandika kwenye modeli kuu kwamba nguzo hizo zimeazimwa na yeye. Hakuomba ruhusa kwa mtu, wala msanifu hakuona chochote kwenye skrini yake.

Saa moja baadaye msanifu anataka kupanua chumba cha kungojea, hivyo anausogeza mstari B kwa milimita 300. Revit inakataa na kuonyesha maneno haya:

```
Can't edit the element until 'mhandisi' resaves the element to central
and relinquishes it and you Reload Latest.
```

Msanifu anashangaa, maana yeye hakugusa nguzo, amegusa mstari tu. Ila nguzo za Revit kwa kawaida huwa na alama kwenye `Moves With Grids`, yaani mstari ukihama, nguzo zinahama nao. Kuuhamisha mstari ni kuzihamisha nguzo, na nguzo ziko mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo ujumbe ule si hitilafu ya kompyuta. Bila huo, nguzo zingehama chini ya mhandisi wakati bado anazipigia hesabu.

Ujumbe wenyewe unataja hatua tatu kwa mpangilio wake. Mhandisi apeleke mabadiliko yake kwenye modeli kuu, aziachie nguzo, halafu msanifu abonyeze `Reload Latest` ili azione zilivyo sasa. Hatua mbili za kwanza zinafanyika pamoja mhandisi akibonyeza `Synchronize Now`, kwa sababu amri hiyo hurudisha vitu vilivyoazimwa. Kuhifadhi kwa `Save` hakutoshi. `Save` huandika kwenye nakala yake tu, na nguzo zinabaki chini ya jina lake hata akienda kula. Hili ndilo kosa linaloleta ugomvi mwingi kuliko mengine.

Msanifu anaweza pia kubonyeza `Place Request` kwenye ujumbe ule, na ombi litamfikia mhandisi kwenye skrini yake. Hata hivyo, kama mpo chumba kimoja, kumwita kwa sauti ni haraka zaidi. Na kabla ya kuhamisha mstari wa gridi au usawa wa ghorofa, ni vizuri kumwambia mwenzako hata kama Revit imekuruhusu. Programu inajua nani ameshika nguzo. Haijui kwamba msingi wa chini yake umeshapigiwa hesabu kwenye karatasi.

Kuna tatizo jingine ambalo ni rahisi kutokea kwenye darasa la kompyuta. Revit inamtambua mtu kwa jina la mtumiaji tu. Jina hilo utaliona kwenye `Options`, sehemu ya `General`. Kama kompyuta zote ziliandaliwa kwa jina moja, mfano `student`, au mnaingia wote kwa akaunti moja ya Autodesk, Revit itawahesabu wawili kuwa mtu mmoja. Ulinzi wote tulioeleza hapo juu unaondoka. Mnaweza kubadilisha nguzo ile ile bila kuonywa, na kazi ya mmoja ikakataliwa wakati wa kuipeleka. Ukiona unagusa vitu vya mwenzako na hukatazwi kamwe, angalia majina kwanza.

Folda za Dropbox au Google Drive hazifai kuwa mahali pa modeli kuu. Zinaweka faili kamili kwenye kila kompyuta na kulipatanisha baadaye, hivyo kila mmoja anakuwa na modeli kuu yake, na taarifa ya nani ameazima nini haimfikii mwenzake kwa wakati. Walio mbalimbali hutumia huduma ya wingu ya Autodesk yenyewe, ambayo ni ya kulipia. Pia wote mtumie toleo la mwaka mmoja: faili likishafunguliwa na kuhifadhiwa kwenye toleo jipya, la zamani halitalifungua tena. Na Revit LT, iliyo ya bei nafuu, haina uwezo huu wa kushirikiana.

Huenda ukakutana na ofisi ambako wahandisi wana modeli yao na wasanifu yao, kisha moja inaunganishwa ndani ya nyingine kama kiungo. Kwa majengo makubwa na kampuni tofauti, njia hiyo hupendelewa. Kwa zahanati ya watu wawili au watatu kwenye mtandao mmoja, modeli kuu moja inatosha.

Swali la mwisho ni umeme. Ukikatika ukiwa unachora, kilichopotea ni kile ambacho hukukihifadhi. Vilivyohifadhiwa kwa `Save` vipo kwenye nakala yako, na vitu ulivyoazima bado vina jina lako. Umeme ukirudi, usianzie kwenye modeli kuu. Ukiifungua kwa `Create New Local`, Revit itakuta nakala yenye jina lile lile na kukuuliza kama iandike juu yake au iongeze tarehe na saa kwenye jina. Ukikubali iandike juu, kazi ambayo hukuipeleka imefutika. Nenda kwenye folda yako, fungua `Zahanati_mhandisi.rvt` yenyewe, kisha bonyeza `Synchronize Now` kabla ya kuchora kitu kingine.