Safaya, kioo cha kawaida au akriliki: uso wa saa yako uwe wa nini?

Muuza saa akikwambia, "Hii kioo chake safaya, hakikwaruziki ng'o," amekupa nusu ya habari. Ni kweli safaya hukwaruzika kwa shida sana. Nusu nyingine ni hii: kikiharibika, unakitengenezaje, na kwa hela ngapi? Hapo ndipo aina tatu za vioo vya saa zinapoachana kabisa.

Adui mkubwa ni vumbi

Watu wengi hudhani saa huchubuliwa na funguo na sarafu. Kumbe mkosaji wa kila siku ni mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga ni madini ya kwatzi, na chembe zake zimo kwenye vumbi la barabarani, kwenye ukuta wa saruji unaoupita ukiusugua kwa mkono, hata kwenye shati unalofutia saa.

Mwaka 1812 Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, kuanzia 1 hadi 10, kwa kanuni rahisi: kigumu humkwaruza laini. Kwatzi iko kwenye 7. Akriliki, ambayo ni plastiki, iko karibu na 3. Kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Safaya iko kwenye 9, na juu yake ipo almasi peke yake kwenye 10. Kwa hiyo mchanga unaikwaruza akriliki, unakikwaruza na kioo cha kawaida, lakini kwa safaya unagonga mwamba.

Angalizo: namba hizi ni kama nafasi darasani. Zinakuambia nani kamzidi nani, hazikuambii kamzidi kwa alama ngapi.

Akriliki: inachubuka haraka, inapona haraka

Akriliki ndiyo utaikuta kwenye saa nyingi za zamani, na uso wa Casio F-91W nao ni wa plastiki. Wiki chache tu za kuvaliwa na utaona mistari midogo. Lakini ulaini uleule unaoiponza ndio unaokuwezesha kuisafisha mwenyewe nyumbani.

Kwanza bandika selotepu kuzunguka kioo ili usichubue fremu. Weka dawa ya meno nyeupe ya kawaida, kiasi cha punje ya harage, kwenye kitambaa laini cha pamba. Sugua kwa mizunguko midogo dakika tatu hadi tano, futa kwa kitambaa chenye unyevu, tazama kwenye mwanga, kisha rudia. Dawa ya meno ina chembe ndogo za kusugulia ambazo hula plastiki kidogo kidogo mpaka uso unakuwa sawa tena. Mkwaruzo unaonasa kucha unahitaji kutanguliwa na msasa laini wa maji, namba 1000 kisha 2000, ndipo umalizie na dawa ya meno. Usishtuke kioo kikiwa na ukungu baada ya msasa, utaondoka. Ila ufa hausuguliki. Ukiuona, badilisha kioo, maana maji yatapita hapo.

Akriliki ina sifa nyingine: ikipigwa sana huwa inapasuka bila kumwaga vipande vikali. Saa ya Omega Speedmaster, ambayo NASA waliipitisha mwaka 1965 na ambayo wanaanga walivaa Mwezini, ilikuwa na kioo cha plastiki. Fikiria vipande vya kioo vikielea ndani ya chombo kisicho na uzito, karibu na macho na pua za watu. Afadhali mikwaruzo.

Kioo cha kawaida: kipo katikati

Wauzaji hukiita "kioo cha madini", jina linalosikika kubwa. Kiuhalisia ni kioo kile unachokijua, ndugu wa kioo cha dirisha, mara nyingi kikiwa kimeimarishwa kwa joto au kwa kemikali. Kinavumilia funguo na sarafu vizuri kuliko plastiki, lakini mchanga ukikipata, mstari unabaki.

Na mstari huo ndio kero. Dawa ya meno haikifanyi kitu. Kinahitaji unga maalumu wa kung'arishia, gurudumu linalozunguka na muda mrefu, na ukikazania sehemu moja unatengeneza bonde linalopindisha namba za saa. Kama kimeimarishwa kwa kemikali, unaweza pia kuliondoa tabaka la juu lililokipa nguvu. Ndiyo maana fundi saa mzoefu atakwambia tu, "Tuweke kingine."

Safaya: ngumu, lakini si ya milele

Safaya ya saa ni madini yaleyale ya yakuti samawi yanayochimbwa Umba na Tunduru kule Tanzania, yaani aluminiamu na oksijeni (Al₂O₃). Yakuti huwa buluu kwa sababu ya chembe za chuma na titani. Ya saa hukuzwa kiwandani bila chembe hizo, kwa kuyeyusha unga kwenye zaidi ya nyuzi 2000 za Selsiasi, ndiyo maana ni angavu kama maji. Kuikata na kuing'arisha kunahitaji almasi, na hapo ndipo bei inapotoka.

Lakini ugumu wa kutokwaruzika si sawa na uwezo wa kuhimili kipigo. Kitu kigumu sana hakibonyei. Ukiiangusha saa kwenye vigae na ukingo wa kioo ukatua kwanza, safaya inaweza kumeguka au kupasuka vipande. Vipande hivyo ni vigumu kuliko chuma cha mitambo ya saa, vikiingia ndani vinasaga. Ikitokea, vuta kitufe cha kurekebishia majira ili saa isimame, usiivae, ipeleke kwa fundi.

Ukiona mstari kwenye safaya, usikate tamaa haraka. Sugua kwa kifutio cha penseli: mara nyingi ni alama ya chuma kilichoachwa juu yake, na itatoka. Isipotoka, huenda limechubuka tabaka jembamba la kupunguza mng'ao, ambalo ni laini kuliko safaya yenyewe. Mikwaruzo halisi hutoka kwa almasi ya pete, msasa au diski ya kunolea.

Tupige hesabu

Bei hutofautiana, hivyo tuchukue namba za mfano tu. Tuseme ufundi ni shilingi 10,000 kwa kioo chochote, kioo cha kawaida 5,000, safaya 40,000. Ukibadilisha kioo cha kawaida mara tatu katika miaka kumi, umetumia 45,000. Safaya isipopasuka, hujatumia kitu. Ikipasuka mara moja, ni 50,000, na bado hujalipia kusafisha vipande ndani. Akriliki, kama haina ufa, ni bei ya dawa ya meno.

Kwa hiyo jiulize saa yako hufa kwa nini: kusuguliwa au kugongwa? Mtu wa ofisini, au anayetembea kwenye vumbi bila kugongagonga mkono, safaya itamlipa. Fundi ujenzi, mpanda bodaboda au mtoto wa shule anayeangusha saa kila siku, kioo cha kawaida au akriliki kitamgharimu kidogo zaidi. Na kabla hujanunua ya safaya, muulize fundi wako kama kioo cha saizi hiyo kinapatikana, na ni shilingi ngapi.