Oksijeni Iliyofungwa Ndani ya Chupa

Ukichota maji ya ziwa kwa ndoo, ukayabeba hadi maabara na kuyapima oksijeni, utakachokipima ni oksijeni ya ndoo. Njiani maji yametikisika na kuvuta hewa, jua limeyapasha moto, na vijidudu vilivyomo vimeendelea kupumua. Chumvi na chokaa hukaa ndani ya maji mpaka ufike mezani. Oksijeni haina subira hiyo.

Mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, alilitatua tatizo hili mwaka 1888, akiwa bado kijana jijini Budapest. Aliitafutia oksijeni kitu cha kuishika pale pale maji yanapochotwa, kisha hesabu ifanyike baadaye kwa utulivu. Mpaka leo vipima-oksijeni vya umeme, vile vyenye waya na kioo cha namba, hukaguliwa kwa njia yake pale panapotakiwa uhakika.

Tuifuate kwenye vizimba vya sato katika Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Wakati wa kuchukua sampuli ni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Usiku kucha samaki, vijidudu na hata mwani vimekuwa vikitumia oksijeni bila mwanga wa kutengeneza nyingine, kwa hiyo hiyo ndiyo saa ya upungufu mkubwa. Anayepima saa sita mchana peke yake hupata namba nzuri na huenda asijue samaki walilalaje.

Chupa inayotumika ni ya kioo, ya mililita 300, na kizibo chake cha kioo kimekatwa mshazari ili kisifungie kiputo chini yake. Maji huvutwa kutoka kina kinachotakiwa kwa chombo maalumu cha kuchotea, kisha hupitishwa kwenye mpira mwembamba unaofika hadi sakafu ya chupa. Yanajaa taratibu kutoka chini, yanafurika, na huachwa yaendelee kumwagika mpaka yale ya mwanzo yaliyogusana na hewa yatoke yote. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kiputo cha mililita moja tu, oksijeni yake ikiyeyuka yote, kinaweza kuongeza karibu miligramu 0.8 kwa lita. Kwa maji yaliyopungukiwa, hilo ni kosa kubwa.

Sasa kufunga oksijeni. Kwa pipeti, unatia mililita moja ya manganisi salfeti, halafu mililita moja ya mchanganyiko wa sodiamu hidroksidi, iodidi na azidi ya sodiamu. Ncha ya pipeti izame chini kidogo ya uso wa maji, kisha kizibo kirudi mara moja na chupa ipinduliwe juu chini mara kadhaa. Mawingu ya mashapo hutokea papo hapo. Kama maji hayana oksijeni kabisa, mashapo hubaki meupe, na mpimaji amekwisha kupata jibu akiwa bado ndani ya mtumbwi. Kama oksijeni ipo, inashikana na manganisi na mashapo yanageuka kahawia. Kadiri ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Mashapo yakishatuama hadi katikati ya chupa, hupinduliwa tena na kuachwa yatuame mara ya pili, ili pasibaki oksijeni ambayo haijakutana na dawa.

Kuanzia hapo mpimaji anaweza kupumua. Chupa ikiwekwa gizani, shingo yake ikiwa imezungushiwa maji ili hewa isipenye kando ya kizibo, inaweza kusubiri saa kadhaa na kusafirishwa hadi nchi kavu.

Maabara, inaongezwa mililita moja ya asidi kali ya salfuriki. Mashapo yanayeyuka, na manganisi iliyoshika oksijeni inaigeuza iodidi kuwa iodini. Maji yanakuwa angavu yenye rangi ya chai ya rangi. Iodini hiyo ndiyo shahidi wa oksijeni iliyokuwamo: kila molekuli ya oksijeni huishia kuzaa molekuli mbili za iodini, na hizo mbili huhitaji nne za tiosalfeti ili zimalizwe. Hewa ikiingia sasa hivi haina madhara makubwa, mradi mpimaji asizubae.

Hupimwa mililita 201 za maji hayo. Ile moja ya ziada inafidia maji yaliyosukumwa nje ya chupa wakati dawa mbili za kwanza zilipoingia, ili hesabu ibaki ya mililita 200 za ziwa. Bureti inajazwa sodiamu tiosalfeti ya nguvu 0.025, nayo inadondoshwa huku chupa ikizungushwa. Rangi inafifia hadi manjano hafifu ya majani makavu. Hapo ndipo wanga unapotiwa, na maji yanageuka buluu iliyoiva. Wanga ukitiwa mapema, iodini nyingi hung'ang'ania ndani yake na mwisho wa kazi hauonekani vizuri. Kisha tone kwa tone, mpaka buluu itoweke ghafla.

Tuseme bureti imeonyesha mililita 3.4 zimetumika. Kwa nguvu hiyo ya tiosalfeti, kila mililita inalingana na miligramu 0.2 za oksijeni. Katika mililita 200 za maji, hiyo ni sawa kabisa na miligramu moja kwa lita. Kwa hiyo jibu linasomwa moja kwa moja: miligramu 3.4 kwa lita. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko Tanga au Mombasa, na kwa nyuzi 25 maji yake hushiba kwa takriban miligramu 7.2. Vizimba hivyo basi vina chini kidogo ya nusu ya shibe. Sato ni mvumilivu na hatakufa kwa 3.4, lakini huo si wakati wa kumwaga chakula. Mfugaji asubiri jua lipande na oksijeni irudi.

Kabla ya kuamini namba hiyo, ningeuliza tiosalfeti ilihakikiwa lini. Dawa hii hudhoofika chupani, vijidudu vikiwamo miongoni mwa sababu, na udhaifu wake hudanganya kwa upande mbaya: unatumia mililita nyingi zaidi, hivyo maji yanaonekana kuwa na oksijeni kuliko iliyopo. Ikishuka kutoka 0.025 hadi 0.022, ile 3.4 kwa kweli ni karibu 3.0. Ndiyo maana hupimwa mara kwa mara dhidi ya iodeti ya potasiamu iliyopimwa uzito kwa uangalifu.

Dalili nyingine huonekana kwa macho. Buluu ikitoweka kisha ikarudi haraka, tena na tena, huenda maji yana nitraiti, jambo la kawaida penye kinyesi na mabaki ya chakula cha samaki. Nitraiti huzalisha iodini upya kila inapomalizwa, na azidi ilitiwa ili kuiangamiza. Ikirudi polepole baada ya dakika kadhaa, hiyo ni hewa tu, nayo hupuuzwa.

Maji ya chini kabisa ya ziwa ni mtihani mgumu zaidi. Penye harufu ya mayai viza pana salfaidi, na mara nyingi chuma kilichoyeyuka. Vyote viwili huvuruga hesabu, kimoja kwa kula iodini, kingine kwa kunyang'anya oksijeni wakati wa kuifunga. Njia hii ya kawaida haitoshi huko, na namba ndogo itokayo kwenye maji kama hayo isiandikwe daftarini bila maelezo ya harufu na rangi ya sampuli.