Kanzu Nyeupe Inapogeuka Manjano

Mama ameroweka kanzu nyeupe ya mwanawe katika jiki usiku kucha. Asubuhi kola imegeuka manjano. Akidhani ni uchafu uliosalia, huongeza jiki, na umanjano huzidi.

Sababu imo katika uzi. Jiki ni dawa ya klorini, nayo huifaa pamba nyeupe tupu, ikichanganywa na maji mengi. Lakini kanzu nyingi zina poliesta, na hapo klorini huharibu king'arishi kilichotiwa kiwandani, weupe ukafifia.

Kanzu hiyo isuuzwe mpaka harufu ya jiki iishe. Kisha irowekwe kwa saa chache katika poda ya oksijeni, kwa maji ya moto ambayo mkono huyastahimili. Katika maji baridi poda hii hufanya kazi polepole mno. Umanjano huenda ukapungua, ila si lazima uondoke wote.

Shali ya hariri na joho la sufi ni jambo jingine. Nyuzi hizo zina asili ya mnyama, kama nywele zetu. Klorini huzigeuza manjano, huzikwaruza, kisha huziyeyusha hadi nguo ikatoboka. Hata poda ya oksijeni haizifai, kwani ndani yake mna magadi. Hizo zataka sabuni laini na maji ya vuguvugu.

Kabla ya kuroweka, tazama lebo: pembetatu tupu huruhusu dawa yoyote, yenye mistari miwili ya mshazari, oksijeni pekee, iliyokatwa msalaba, usitie dawa kabisa.