Kastadi ya Mayai Haichemshwi



Juzi mama mmoja alinieleza kwamba kastadi aliyopika na binti yake, ya kumiminia juu ya pudini ya tende, iligeuka mayai ya kuvuruga. Nikamwuliza aliipikaje. "Kama ile ya kopo, mwalimu. Niliiacha mpaka ikachemka." Basi hapo ndipo ilipoharibika.

Unga wa kopo ni kitu kingine. Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, aliubuni mwaka 1837 kwa sababu mayai yalikuwa yakimdhuru mkewe. Kinachofanya kastadi hiyo iwe nzito ni wanga wa mahindi, na wanga hauivi vizuri mpaka uchemke. Kastadi ya mayai ni kinyume chake. Viini vikishachanganywa na maziwa na sukari huanza kushika karibu na digrii 80. Ukipita 85 hivi, vinakazana na kuwa chenga.

Tulivyopika sisi: maziwa nusu lita, viini vinne, sukari vijiko vikubwa vinne, vanila kijiko kidogo. Pasha maziwa mpaka yatoe mvuke na vipovu pembeni, kisha yaepue. Piga viini na sukari palepale unapoitia, kwa maana sukari ikikaa juu ya kiini bila kukorogwa huacha punje ngumu. Sasa mimina maziwa ya moto kwenye viini, kidogo kidogo, huku mwenzio anakoroga. Hii ni kazi ya watu wawili, na mtoto anaiweza. Ukifanya kinyume, ukatia viini kwenye sufuria ya moto, vinaiva kabla havijachanganyika.

Rudisha vyote jikoni, moto mdogo kabisa. Koroga kwa mwiko ukigusa chini na pembeni, maana huko ndiko kunakoshika kwanza. Kwa dakika kadhaa utaona kama hakuna kinachotokea. Usiongeze moto! Povu la juu likianza kupotea, jua umekaribia. Inua mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Mchuzi ukirudi kufunika mstari, bado. Mstari ukibaki wazi, imeiva. (Kipimajoto cha homa msikitumie, mwisho wake ni digrii 42, na kazini nakihitaji.)

Usiiache kwenye sufuria hata ikiwa umezima jiko, kwa sababu sufuria yenyewe ina moto wa kuendelea kuipika. Ichuje mara moja kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya barafu, ndipo utie vanila. Itazidi kuwa nzito ikipoa.

Ukiona chenga chache tu, epua haraka, tia maziwa baridi kidogo, piga, uchuje. Mara nyingi inaokoka. Ikishakuwa mabonge na kunuka yai, hairudi tena.

Inayobaki iwekeni kwenye friji siku hiyohiyo, na imalizwe kwa siku mbili.