Shubiri mbili kutoka kivuli cha kichwa

Saa kumi na nusu jioni, Dar es Salaam, nikimwagilia mchicha nyuma ya nyumba ya dada yangu, mpwa wangu wa miaka saba alininyang'anya mpira wa maji. Alikuwa ameona rangi zikipita mbele yangu, mara moja tu, zikapotea. "Mjomba, zimo ndani ya mpira?" Akachungulia mdomo wa mpira, akalowa uso mzima.

Kisha akaanza kuutafuta upinde kwa njia ambayo karibu kila mtu huianza, yaani kwa kulielekea jua. Akili inasema kwamba rangi ni za mwanga, basi zifuatwe kwenye mwanga. Alirusha maji kuelekea magharibi, akaona matone yanameta kama vipande vya kioo, rangi hakuna. Nikamgeuza, jua likawa mgongoni mwake. Bado hakuna, kwa kuwa maji yalikuwa yanatoka kama fimbo moja nene. Upinde unataka matone. Nikamwonyesha jinsi ya kuziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba mpaka maji yakasambaa kama manyunyu. Hapo rangi zikaja, lakini kwa unyonge, kwani nyuma ya manyunyu kulikuwa na ukuta mweupe uliopigwa na jua, nao ulizimeza. Tulisogea hatua tano hivi, nyuma ya manyunyu pakawa na ua wa michongoma wenye kivuli. Akapiga kelele.

Sasa lilikuwa zamu yangu kumpa kipimo. Nilimwambia atazame kivuli chake, hasa kivuli cha kichwa. "Nyoosha mkono mbele yako, kunjua kiganja. Weka ncha ya kidole gumba kwenye kivuli cha kichwa chako, kidole cha mwisho kielekee juu. Hiyo shubiri moja. Ongeza ya pili juu yake. Ukifika hapo, nyunyiza." Shubiri ya mkono ulionyooshwa huchukua takriban nyuzi 21 za upeo wa macho. Ya mtoto ni ndogo, lakini na mkono wake ni mfupi, kwa hiyo kipimo hakiharibiki. Shubiri mbili ni nyuzi 42, na hapo ndipo wekundu wa upinde unapokaa siku zote, uwe wa mpira wa maji au wa mvua iliyo juu ya Kisarawe. Zambarau hukaa ndani kidogo, kwenye nyuzi 40.

Akapima kulia, akaukuta. Akapima kushoto, akaukuta. Ndiyo maana ya upinde kuwa upinde: ni kila mahali palipo shubiri mbili kutoka kivuli cha kichwa, na mahali hapo pote pakiunganishwa hupatikana duara. Kwenye mvua tunaona kipande tu kwa sababu ardhi imelikata duara hilo.

Kesho yake maji yakakatika, kama kawaida ya mtaa ule. Mtoto hakukubali somo liishe. Tukabaki na ndoo za akiba na glasi moja.

Watu wengi hujaribu glasi wakashindwa, wakadhani wamedanganywa. Sisi pia tulishindwa mara ya kwanza, tulipoiweka dirishani. Wavu wa mbu ulikuwa umeshaukata mwanga vipande vipande. Tukatoa meza ndogo barazani, saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado chini. Saa yenyewe ina maana. Mwanga unatakiwa uingie kwa juu, kwenye uso wa maji, kisha utokee ubavuni mwa glasi. Jua likishapanda zaidi ya nyuzi 28 hivi, mwanga ulioingia kwa juu hushindwa kutoka ubavuni. Maji huurudisha ndani kama kioo. Kwetu hilo hutokea baada ya saa mbili na kitu. Anayejaribu saa nne atasubiri bure.

Glasi iliyojaa maji iliwekwa ukingoni kabisa mwa meza, upande wa mbali na jua, na karatasi nyeupe chini sakafuni. Mwanga unaotoka ubavuni huinama sana, karibu kuanguka wima, kwa hiyo karatasi haiwekwi mbali. Meza yetu ina urefu wa sentimita 75, na mchirizi wa rangi ulianguka kama robo ya mita kutoka mguu wa meza, upana wake vidole viwili au vitatu. Zambarau ilikuwa upande wa meza, nyekundu upande wa nje.

"Kwa nini zambarau iko karibu?"

Swali zuri kuliko lile la kwanza. Nilimkumbusha mkokoteni wa muuza maji anapotoka kwenye lami kuingia mchangani. Akiingia kwa mshazari, gurudumu moja linagusa mchanga kabla ya jingine, linapunguza mwendo, na mkokoteni mzima unageuka kidogo. Mwanga hufanya hivyo hivyo. Angani hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, majini kama 225,000. Unapoingia majini kwa mshazari hupinda, na unapotoka hupinda tena. Na mwanga wa jua, ambao tunauita mweupe, ni mchanganyiko wa rangi, kila moja na mwendo wake ndani ya maji. Zambarau hucheleweshwa zaidi, hivyo hupinda zaidi. Nyekundu hupinda kidogo kuliko zote. Zimeingia pamoja, zimetoka zikiwa zimeachana.

Glasi basi imetoboa nusu ya siri, nayo ni rangi. Haijasema lolote kuhusu upinde, wala kwa nini jua liwe mgongoni. Katika glasi yetu mwanga ulipita ukaenda zake mbele. Katika tone la mvua, sehemu ya mwanga hugeuza njia.

Hebu lifikirie tone moja. Mwale unaingia upande unaotazama jua, unapinda. Unavuka tone mpaka ukuta wa nyuma. Hapo mwanga mwingi unatoka na kupotea, lakini kiasi fulani kinaakisiwa kurudi ndani, kama sura kwenye kioo cha dirisha usiku. Kinavuka tena, na kinapotoka upande uleule wa jua kinapinda mara ya pili. Umegeuzwa, unakuja kwako wewe uliyelipa jua mgongo.

Mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi huko Uajemi alilifuatilia jambo hili kwa kutumia tufe la kioo lililojazwa maji. Tone halisi ni dogo mno kuchunguzwa, akajitengenezea tone kubwa. Miaka ileile, mbali naye na bila mmoja kujua kazi ya mwenzake, mtawa wa Kijerumani aitwaye Theodoric wa Freiberg alifanya hivyohivyo. Aliyekokotoa nyuzi 42 akaeleza zinatoka wapi ni Mfaransa Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637.

Na hizo nyuzi 42 zina kisa chake, ambacho vitabu vingi vya shule hukiruka. Tone ni mviringo, na jua hulipiga kila mahali. Mwale unaolipiga katikati kabisa unarudi ulikotoka. Unaolipiga juu kidogo unarudi ukiwa umechepuka kidogo. Kadiri unavyokaribia ukingo, ndivyo mchepuko unavyokua: nyuzi 20, 30, 40. Ukifika 42 unagoma, na miale iliyo karibu zaidi na ukingo huanza kurudi kwenye pembe ndogo tena.

Mpwa wangu alilielewa hili kwa bembea. Bembea ikiwa chini hupita kasi. Ikifika juu kabisa husita, kana kwamba inafikiri, ndipo irudi. Mpige picha mtoto kwenye bembea mara mia bila kuchagua, nyingi zitamkuta kule juu, kwani ndiko anakokawia. Miale nayo hujazana kwenye kikomo chake. Kila rangi ina kikomo chake, nyekundu kwenye 42, zambarau kwenye 40, na msongamano huo ndio unaotosha kuonekana kwa macho. Utazame upinde wa mvua kwa makini utaona ushahidi: anga iliyo ndani ya upinde ina mwanga zaidi kuliko iliyo nje, maana chini ya nyuzi 42 miale bado inarudi, ikiwa imechanganyika na kuwa nyeupe, na juu yake hairudi kwa njia hiyo.

Maji yalirudi Jumamosi, saa sita mchana, na mtoto akakimbilia mpira. Alisimama akitafuta kivuli cha kichwa chake, akakikuta miguuni. Akapima shubiri mbili kutoka hapo na kunilalamikia kwamba mkono wake unaelekea chini. Ni kweli, ulikuwa unaelekea chini, na upinde nao ulikuwa huko. Kwa sababu hiyohiyo, huku kwetu huwezi kuuona upinde wa mvua angani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri ukiwa umesimama mahali tambarare. Jua liko juu ya nyuzi 42, na duara lote limezama chini ya upeo. Kivuli kinatosha kukupa jibu. Kikiwa kifupi kuliko wewe, usijisumbue kutazama juu. Siku ya kwanza, saa kumi na nusu, mtoto huyu mwenye urefu wa sentimita 120 alikuwa na kivuli cha karibu mita mbili na nusu, na upinde wake ulipanda vizuri. Jumamosi alilazimika kunyunyiza chini, kujizunguka, kama anayemwagilia miguu yake mwenyewe, na akaupata ukiwa umemzunguka umbali wa kama mita moja.

Kaka yake akaja, akasimama pembeni, akadai kauona na yeye. Ugomvi ukaanza kuhusu upinde ni wa nani. Kwa kweli walikuwa na pinde mbili. Kila mtu hupima kutoka kivuli cha kichwa chake, kwa hiyo matone yanayompelekea huyu wekundu siyo yanayompelekea yule. Nikawaambia wafumbe jicho moja, kisha wabadilishe. Matone yakiwa karibu, kama ya mpira wa maji, upinde unaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwani hata jicho la kulia lina wake na la kushoto lina wake.

Mpwa wangu alifumba, akafumbua, akafumba. Kisha akaenda taratibu mpaka kwenye bomba, akafunga koki.

"Nimeizima yote mitatu," alisema. "Miwili ya kwangu na wa kwake. Na wa kwako pia, mjomba."