Beseni, Kiegemeo na Maji ya Kumwogesha Mtoto Mchanga

Maji yenye kina cha vidole vitatu vya mtu mzima vilivyolazwa pamoja yanatosha kumwogesha mtoto mchanga. Hiyo ni kama sentimita 5. Wazazi wengi huyaona kuwa machache mno, hasa wakishanunua beseni kubwa zuri, na hapo ndipo huanza kuongeza. Tena wengine hununua kiegemeo cha plastiki cha kumlaza mtoto ndani ya beseni, na kwa sababu kiegemeo humwinua mtoto juu, maji ya sentimita 5 hayamfikii tena. Basi wanajaza hadi sentimita 15. Kifaa walichokinunua ili mtoto awe salama kimewafanya waongeze kile kinachoweza kumdhuru.

Tuanze na bafu lenyewe, kwani nyumba nyingi za kupanga mijini zina bafu na choo katika chumba kimoja kidogo. Tuchukue mfano wa wazazi waliopanga chumba chenye bafu lake. Mtoto wao wa kwanza ana kilo 3.3. Bafu lina urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 120. Choo cha kuchuchumaa kimechukua sentimita 50 za upande wa ndani, hivyo imebaki sakafu ya sentimita 100 kwa 120. Mlango hufunguka kwa ndani.

Dukani walipenda beseni la mtoto lenye urefu wa sentimita 85 na upana wa sentimita 50. Ukilipanga kando ya ukuta linaingia. Lakini anayeogesha lazima apige magoti, na magoti pamoja na miguu huhitaji si chini ya sentimita 50. Jumlisha: 50 za beseni na 50 za mama, sakafu yote imekwisha. Visigino vyake vitakuwa kwenye ukingo wa choo, pameloa, na hakuna mahali pa kuweka jagi. Mtu aliyekaa hivyo akitaka kujigeuza kidogo tu atateleza, na mtoto yuko mikononi mwake.

Beseni la sentimita 65 kwa 40 lingewafaa zaidi. Linaacha sentimita 60 za kupigia magoti, na pembeni panabaki nafasi ya jagi na sabuni. Mlango ufunguliwe wote na kuzuiliwa ukutani ili mtu asije akausukuma kutoka nje ukamgonga mama mgongoni. Taulo likae mabegani mwa mama, kwani likiwa chumbani atashawishika kumwacha mtoto na kulifuata. Kabla ya kwenda dukani, basi, pima sakafu kwa futi ya fundi au hata kwa kamba yenye mafundo, halafu nenda na kamba hiyo.

Na kama sakafu haitoshi hata kwa beseni dogo, usilazimishe. Mwogesheni mtoto chumbani, beseni likiwa juu ya mkeka sakafuni, kisha maji yakamwagwe bafuni mtoto akiwa tayari amevikwa nguo. Kina bibi wengi wamefanya hivyo miaka yote, nao walikuwa na sababu: chumbani hakuna upepo wa mlangoni wala sakafu ya kuteleza. Msiweke beseni juu ya meza, kigoda au mfuniko wa ndoo. Beseni lenye lita 8 za maji lina uzito wa kilo 8, na likiyumba hakuna mkono mmoja utakaolizuia.

Katika kuchagua beseni, tazama kwanza kitako chake. Kiwe bapa na kipana, kisichochezacheza ukilisukuma. Pitisha kiganja ndani na kwenye ukingo: plastiki nyingi za bei nafuu huwa na mshono mkali unaoweza kumkwaruza mtoto. Rangi nyeupe au ya maji ya bahari hukuonyesha vizuri kina na uchafu. Mabeseni ya kukunjwa yenye miguu yanavutia kwa nyumba ndogo, lakini mguu mmoja usipojifunga sawasawa beseni huanguka upande mmoja. Ukilinunua la namna hiyo, libonyeze kwa nguvu zako zote kila mara kabla ya kutia maji. Beseni la mtoto lisitumike kufulia, maana sabuni ya unga na dawa ya kung'arishia nguo hubaki kwenye mikwaruzo ya plastiki na kuwasha ngozi yake.

Upana wa kitako unahusika pia na kina cha maji, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mtoto akiingia, maji hupanda. Tuseme sehemu ya mwili wake iliyozama inasukuma lita 2 za maji. Katika beseni la wazazi wetu, ambalo kitako chake ni kama sentimita 50 kwa 30, maji yatapanda kwa sentimita 1 na kidogo. Katika karai la mviringo lenye kitako cha sentimita 30, maji hayo hayo yatapanda karibu sentimita 3, na mtoto atakaa amejikunja, kidevu kikielekea kwenye maji. Ndiyo maana beseni refu na bapa ni bora kuliko karai jembamba lenye kina, hata kama yote mawili yana maji lita 8.

Sasa kiegemeo. Madukani kuna vya aina mbalimbali. Kuna fremu yenye wavu au kitambaa, kuna kitanda cha plastiki kilichoinama, kuna godoro la sponji, na kuna kiti cha duara chenye vikombe vya mpira vya kung'ang'ania chini. Hicho cha mwisho kisahau kabisa kwa mtoto mchanga, kwa kuwa kimetengenezwa kwa mtoto anayeweza kukaa. Hata kwa mtoto mkubwa kina hila: vikombe vya mpira huachia vikiwa na povu la sabuni, na kwenye plastiki yenye vijipele havishiki kabisa. Kiti hupinduka na mtoto hubaki amenaswa kwa miguu, uso ukiwa majini. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri visitumike. Sponji nayo hunyonya maji, haikauki, na baada ya wiki chache huota ukungu ndani ambako huuoni.

Fremu ya wavu au kitanda cha plastiki vinaweza kumsaidia mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye mkono na tumbo lake bado havina nguvu. Lakini kifaa lazima kilingane na beseni. Kiweke ndani, kibonyeze kichwani na miguuni, kisha kivute upande. Kikisogea, si cha beseni hilo. Na picha ya kwenye boksi, ya mtoto anayecheka peke yake bila mkono wa mtu, usiiamini. Kiegemeo hupunguza uchovu wa mkono wako tu. Hakimzuii mtoto kuzama. Ukikitumia, usifuate mwili wake kwa maji. Acha maji yawe yale yale machache, na ummwagie mwilini kwa kiganja au kikombe.

Kwa wengi, kitambaa cha pamba kilichokunjwa na kutandikwa kwenye kitako cha beseni kinatosha kuzuia utelezi. Kiegemeo kizuri kuliko vyote ni mkono wako. Pitisha mkono wa kushoto nyuma ya shingo ya mtoto, kichwa kilale juu ya kigasha chako, na vidole vyako vishike bega lake la upande wa mbali, chini ya kwapa. Ukimshika hivyo, hata akijinyoosha ghafla hawezi kuchomoka. Mkono wa kulia unabaki huru kwa kuosha. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze.

Wazazi wa mfano wetu wanahitaji maji lita 7 na nusu ili kupata sentimita 5. Wapime kwa rula mara moja tu, wahesabu majagi, na siku zinazofuata waweke idadi ile ile. Tia maji baridi kwanza, ya moto baadaye, ili beseni lisiwe na maji ya moto peke yake hata kwa dakika moja. Maji ya bomba ya Dar es Salaam ni ya uvuguvugu, kama nyuzijoto 27. Lita 6 na nusu zikichanganywa na lita 1 na kidogo ya maji yaliyotoka kuchemka hufikia nyuzijoto 37 au 38, ambazo ndizo anazohitaji mtoto. Kule Njombe asubuhi ya baridi, maji yakiwa ya nyuzijoto 15, utahitaji karibu lita 2 za moto kwa lita 5 na nusu za baridi. Koroga mpaka chini, kisha jaribu kwa kiwiko. Usikie uvuguvugu tu. Kiganja cha mtu aliyezoea jiko hudanganya. Sufuria au chupa ya maji ya moto iondoke kabla mtoto hajaletwa, na maji ya moto yasiongezwe akiwa ndani.

Beseni lenyewe halina haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita tangu azaliwe. Kisha, mpaka kitovu kidondoke na kukauka, inatosha kumpangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Baada ya hapo, dakika 5 majini zinamtosha. Akianza kutetemeka, au ngozi ikawa na mabaka ya zambarau, mtoe, mkaushe kichwa kwanza na umlaze kifuani.

Mtoto mchanga akizama hapigi kelele wala hatapitapi kama tunavyodhani. Hunyamaza. Mtu akigonga mlango au simu ikilia, ama uache, ama umbebe mtoto akiwa amelowa. Kumwambia dada yake wa miaka sita "Mwangalie mdogo wako, nakuja" si ulinzi. Ikitokea amezama na hapumui, usimning'inize kichwa chini. Mlaze chali, kichwa kikiwa sawa bila kukikunja nyuma, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, mpulizie pumzi ndogo 5 huku ukitazama kifua kikiinuka, piga yowe la kuomba msaada, na mkimbizeni hospitali mkiendelea kumbonyeza kifua na kumpulizia njiani.

Mtoto akishavikwa nguo, mwaga maji hapo hapo na lifudikize beseni. Ndoo ya bafuni ifunikwe kwa mfuniko unaobana au iwekwe juu. Katika nyumba yenye mtoto wa miaka miwili, maji ya kuogea mdogo wake yaliyoachwa sakafuni "nitayamwaga baadaye" ni hatari kwake kuliko kwa mchanga mwenyewe, maana yeye anaweza kuyaendea kwa miguu yake, akainama, na kichwa kikamzidi uzito.